Bei Ilikumbukwa, Tarehe Ikasahauliwa

Mwaka wangu wa pili nikiwa mkadiriaji majenzi, mteja mmoja alisimama barazani kwenye nyumba yake iliyokuwa bado inajengwa, akaomba aongezewe jiko la nje. Mkandarasi niliyekuwa nikifanya naye kazi alipiga hesabu palepale. Bei ikaandikwa nyuma ya risiti ya saruji, wote wawili wakaweka saini, wakapeana mikono. Jiko likajengwa, tena likajengwa vizuri. Kazi yake ilichukua siku kumi na tisa ambazo hazikuwemo kwenye ratiba ya mwanzo.

Siku ya kukabidhi nyumba, mteja alilipa bei ya jiko mpaka shilingi ya mwisho. Kisha akafungua mkataba, akatuonyesha tarehe ya kumaliza na kifungu cha fidia ya ucheleweshaji, akakata fidia ya siku kumi na tisa kwenye malipo ya mwisho. Mkandarasi alilalamika kwamba siku hizo zimeliwa na jiko alilolitaka yeye mwenyewe. Mteja akageuza ile risiti ya saruji na kuuliza: "Nionyeshe mahali tulipoandika siku." Hapakuwa na mahali. Faida yote ya jiko, na sehemu ya faida ya nyumba, ikaishia hapo.

Sikumwona mteja yule kuwa mkorofi. Alisoma kilichoandikwa. Tangu siku hiyo nimeangalia kazi nyingi za nyumba za watu binafsi, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni lilelile: mteja akiongeza kazi, watu wanaikumbuka bei kwa sababu inauma mfukoni leo, na wanaisahau tarehe kwa sababu itauma baadaye. Dawa yake ni barua pepe moja fupi, iandikwe kabla jembe halijagusa udongo. Barua hiyo inasema mambo matatu kwa pamoja: kazi gani imeongezwa, kwa bei gani, na nyumba sasa itakabidhiwa lini. Kisha inasubiri jibu.

Kwa nini iandikwe

Kwenye kazi kubwa, jambo hili halina mjadala. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, hutumika kwenye barabara, mabwawa na majengo makubwa duniani kote. Katika toleo lake la mwaka 1999 mkandarasi haruhusiwi kubadilisha kazi mpaka mhandisi wa mradi amwagize. Akiona ana haki ya kuongezewa muda, ana siku 28 tu za kutoa taarifa tangu alipolijua jambo lenyewe. Zikipita, haki hiyo ya muda inapotea hata kama kisa chake ni cha kweli.

Nyumba ya vyumba vitatu haina mhandisi wa mradi anayekaa ofisini kutoa maagizo. Ina mwenye nyumba mwenye simu, mkandarasi mwenye simu, na mara nyingi shemeji anayepita saiti jioni. Kwa hiyo barua pepe ndiyo inayobeba kazi ya ofisi nzima. Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofikiwa kwa njia ya kielektroniki, na inaruhusu kumbukumbu za aina hiyo kupokelewa kama ushahidi. Hata ujumbe wa simu unaweza kuwa ushahidi. Shida ya ujumbe wa simu ni kwamba makubaliano yanatawanyika: bei iko kwenye sauti iliyorekodiwa Jumanne, picha ya mchoro ilitumwa Alhamisi, na neno "sawa" limekaa chini ya salamu za sikukuu. Barua pepe inayakusanya yote mahali pamoja, chini ya kichwa kimoja, na kila upande unabaki na nakala yenye tarehe.

Tuifuate barua moja tangu ombi lilipotolewa. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, na bei zilizomo ni za mfano tu, lakini umejengwa kwa namna kazi hizi zinavyokwenda.

Ombi la tangi

Mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Morogoro, anajengewa nyumba Kigamboni. Mkataba wa mwanzo ni shilingi 68,000,000, na nyumba inatakiwa kukabidhiwa Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025. Mkataba una kifungu cha fidia ya shilingi 50,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Mabadiliko mawili madogo yamekwisha kupita, yakaongeza shilingi 1,150,000 bila kugusa tarehe. Nyumba imeezekwa na mafundi wako kwenye lipu.

Alhamisi tarehe 3 Julai mama anapiga simu. "Mwanangu, majirani wananiambia maji ya bomba huko yanakatika sana. Lile tangi la plastiki achana nalo. Nichimbie tangi la chini, la lita elfu kumi."

Jibu la mkandarasi ndilo linaloamua mengi. Akisema, "Sawa mama, kesho tunaanza," amekwisha kuipa kazi mwanzo kabla ya kuipa bei na tarehe. Jibu zuri ni hili: "Nimekuelewa mama. Nipe mpaka kesho jioni nikuandikie bei na siku, ukikubali ndipo tuchimbe." Hajakataa, hajachelewesha, na hajaahidi asichokijua.

Jioni hiyo mkandarasi anaanza na kazi yenyewe, kwa sababu bei na tarehe zote zinatoka humo. "Tangi la lita elfu kumi" ni maneno ya simu, bado si kazi inayoweza kupimwa. Lita 10,000 ni mita za ujazo kumi. Ndani liwe na urefu wa mita 2.5, upana wa mita 2, na maji yasimame mita 2. Kuta zenyewe ziende mita 2.2 ili pabaki nafasi juu ya maji. Kuta ziwe za zege la nondo, unene wa sentimita 20. Juu kuwe na slabu yenye mfuniko wa chuma wa kuingilia. Ndani kupigwe lipu yenye dawa ya kuzuia maji. Pawekwe pampu na bomba la kupandisha maji. Tangi likae uani, nyuma ya jiko, chini ya eneo litakalotandikwa vitofali vya saruji, vile mafundi wanavyoviita pevingi.

Halafu anaandika kisichokuwemo, na hapa ndipo uzoefu wa mtu unapoonekana. Sehemu nyingi za Kigamboni maji ya ardhini yako karibu. Fundi akichimba mita mbili na nusu akakuta maji yanachuruzika, atahitaji pampu ya kuyavuta mchana kutwa, na tangi litahitaji kitako kizito zaidi. Tangi tupu lililozungukwa na maji hutaka kuelea kama mtumbwi, na limewahi kutokea tangi kunyanyuka likapasua sakafu iliyo juu yake. Mkandarasi hawezi kuyajua yote hayo kabla ya kuchimba. Kwa hiyo anasema wazi kwamba bei yake ni ya shimo kavu, na kwamba yakitokea maji atasimama, atapiga picha, na ataandika barua nyingine. Akinyamaza, mama atakuwa na haki ya kuamini kwamba bei ile inafunika kila kitu.

Bei inayoweza kuulizwa

Bei ya kazi ya nyongeza huzua kelele inapokuja kama donge moja: "Tangi, milioni saba." Mteja hana pa kuishika. Atahisi mkandarasi anatumia nafasi yake, maana kazi iko katikati na yeye hawezi kwenda kutafuta bei kwa mtu mwingine.

Njia inayotuliza ni kurudi kwenye jedwali la kazi na bei la mkataba wa mwanzo. Pale bei za kuchimba kwa mita ya ujazo, za zege, za nondo kwa kilo na za mbao za kufungia zege zilikwisha kukubaliwa, wakati mama alipokuwa bado na uhuru wa kuchagua mkandarasi. Mkandarasi anachukua bei zilezile na kuzizidisha kwa vipimo vya tangi. Shimo la mita za ujazo 31 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 465,000. Zege la mita za ujazo 6.5 kwa shilingi 340,000 ni shilingi 2,210,000. Mama akitaka kuhakiki anahitaji kikokotoo na mkataba wake tu.

Vitu visivyokuwemo kwenye jedwali vinatajwa kuwa ni vipya na vinaelezwa. Lipu ya kawaida ilikuwa na bei. Lipu yenye dawa ya kuzuia maji haikuwa nayo, kwa hiyo mkandarasi anaeleza kwamba amechukua bei ya zamani akaongeza dawa na kupiga mara mbili. Pampu anaambatisha bei ya dukani.

Kuna mistari miwili ambayo wengi huisahau. Wa kwanza ni wa kupunguza. Tangi la plastiki la lita 5,000 na kitako chake lilikuwemo kwenye mkataba kwa shilingi 1,400,000, na sasa halinunuliwi tena. Lazima liondolewe kwenye hesabu, bila kungoja mama aulize. Mkandarasi anayeongeza bila kupunguza huwa amepoteza imani ya mteja kwa barua zote zitakazofuata. Mstari wa pili ni gharama za muda: saiti ikikaa wazi siku zaidi, mlinzi na msimamizi wanalipwa siku zaidi. Gharama hiyo ni halali, lakini inategemea idadi ya siku. Ndiyo maana bei haiwezi kufungwa kabla ya kuhesabu tarehe.

Siku za kazi na siku za kuchelewa

Hapa ndipo watu hukosea pande zote mbili. Mkandarasi anahesabu kwamba tangi litachukua wiki sita, anamwandikia mteja kwamba nyumba itachelewa wiki sita. Mteja anaona mafundi wa lipu wanaendelea na kazi zao kama kawaida, anasema nyumba haitachelewa hata siku moja. Wote wanapima kitu kisichohusika. Swali la kuuliza ni moja: kazi ipi iliyokuwa kwenye ratiba itazuiwa na kazi hii mpya, na izuiwe mpaka lini?

Tuipange kazi ya tangi. Mama akikubali ifikapo Jumanne tarehe 8 Julai, kuchimba kunaanza tarehe 9 na kunakwisha tarehe 12. Kitako kinamwagwa ndani ya wiki inayofuata, kuta zinafungwa mbao na kumwagwa zege ifikapo tarehe 22, lipu ya ndani inakamilika tarehe 28, na slabu ya juu inamwagwa tarehe 31 Julai. Kisha kazi inasimama, na huu si uvivu wa mtu. Mirunda inayobeba slabu ya juu inaachwa siku 14 ili zege lipate nguvu ya kujibeba. Inatolewa tarehe 14 Agosti. Tarehe 15 tangi linajazwa maji. Zege kavu hunywa maji kidogo, kwa hiyo alama ya kina inawekwa kesho yake, na Jumatatu tarehe 18 wanaangalia kama maji yameshuka na kama kuna unyevu kwenye kuta kwa nje. Ndiyo maana udongo haurudishwi mapema: ukuta uliokwisha kufukiwa hauonyeshi mahali unapovuja. Tarehe 19 na 20 udongo unarudishwa na kushindiliwa.

Tangu tarehe 9 Julai mpaka 20 Agosti ni siku 43. Lakini muda wote huo lipu, dari, umeme na rangi vinaendelea ndani ya nyumba bila kuguswa. Kazi pekee inayozuiwa ni pevingi, iliyopangwa kuanza tarehe 4 Agosti kwa siku nane za kazi, ikifuatiwa na usafi tarehe 14 na kukabidhi tarehe 15. Pevingi ikingoja yote mpaka tangi likamilike, itaanza tarehe 21 Agosti na nyumba itakabidhiwa tarehe 1 Septemba. Ni siku 17 za kuchelewa.

Mkandarasi mwaminifu haishii hapo. Anajiuliza kama kweli pevingi yote inazuiwa. Tangi liko nyuma. Malori ya kokoto na mchanga yatakuwa yamemaliza kupita geti la mbele kufikia tarehe 31 Julai. Basi upande wa mbele, wenye kazi ya siku tano, unaweza kutandikwa kwa tarehe yake ya mwanzo, ukiruka Nane Nane ambayo ni mapumziko. Unaobaki ni uani, siku tatu, kuanzia tarehe 21 mpaka 23 Agosti. Usafi Jumatatu tarehe 25, kukabidhi Jumanne tarehe 26. Siku 17 zimeshuka mpaka 11. Gharama yake ni kuwarudisha mafundi wa pevingi mara ya pili, nauli na kubeba mashine ya kushindilia, shilingi 150,000. Mama anaokoa siku sita, na gharama za saiti za siku hizo pia zinapungua.

Kinyume chake nacho hutokea. Mteja anaomba dirisha moja la sebuleni lipanuliwe, kazi ya fundi mwashi ya siku moja. Lakini dirisha la alumini lilikwisha kukatwa karakana kwa kipimo cha zamani, na jipya linachukua wiki mbili. Mpaka lifike, rangi ya sebule haiwezi kumalizika. Kazi ya siku moja imezaa kuchelewa kwa wiki mbili. Asiyeuliza kazi mpya inazuia nini hawezi kuyaona haya mpaka yamfike.

Barua yenyewe

Ijumaa jioni tarehe 4 Julai, mkandarasi anaandika hivi, akijibu kwenye mfululizo uleule wa barua uliobeba mkataba:

> Kichwa: MABADILIKO NA. 3 – Tangi la chini lita 10,000 – bei na tarehe mpya ya kukabidhi
>
> Mama, shikamoo.
>
> Naandika kufuatia ombi lako kwa simu jana, tarehe 3 Julai 2025.
>
> 1. Kazi. Kujenga tangi la zege la chini ya ardhi uani, nyuma ya jiko, lita 10,000, kwa vipimo vilivyomo kwenye mchoro niliouambatisha. Tangi la plastiki la lita 5,000 na kitako chake vinaondolewa. Bei na siku hizi ni za shimo kavu. Tukikuta maji ya ardhini au mwamba tutasimama, nitakutumia picha, na nitakuandikia kabla ya kuendelea.
>
> 2. Bei, kwa shilingi.
> Kuchimba, mita za ujazo 31: 465,000
> Zege, mita za ujazo 6.5: 2,210,000
> Nondo, kilo 600: 1,800,000
> Mbao za kufungia zege, mita za mraba 49: 980,000
> Lipu ya kuzuia maji, mita za mraba 25 (bei mpya): 450,000
> Pampu, mabomba na mfuniko wa chuma (bei mpya): 755,000
> Kuwarudisha mafundi wa pevingi: 150,000
> Gharama za saiti, siku 11 kwa 40,000: 440,000
> Jumla: 7,250,000
> Kutoa tangi la plastiki na kitako: 1,400,000
> Nyongeza halisi: 5,850,000
>
> Mkataba pamoja na Mabadiliko Na. 1 na 2 ulikuwa 69,150,000. Sasa utakuwa 75,000,000.
>
> 3. Tarehe. Pevingi ya uani haiwezi kuanza mpaka tangi lijaribiwe kwa maji na kufukiwa, tarehe 20 Agosti. Pevingi ya mbele itaendelea kama ilivyopangwa. Tarehe ya kukabidhi nyumba inahama kutoka Ijumaa 15 Agosti 2025 kwenda Jumanne 26 Agosti 2025. Fidia ya ucheleweshaji itahesabiwa kuanzia tarehe hii mpya.
>
> 4. Malipo. Nusu kabla ya kuchimba, nusu baada ya jaribio la maji.
>
> Bei na tarehe hizi zinasimama iwapo nitapata jibu lako kufikia Jumanne 8 Julai 2025. Baada ya hapo nitapanga tarehe upya. Hatutachimba kabla ya jibu lako. Mambo mengine yote ya mkataba yanabaki kama yalivyo.
>
> Ukikubali, tafadhali jibu barua hii kwa kuandika: "Nimekubali Mabadiliko Na. 3, nyongeza ya shilingi 5,850,000 na tarehe ya kukabidhi 26 Agosti 2025."

Barua hiyo inasomeka kwa dakika tatu, lakini kila mstari umewekwa kwa sababu yake. Namba tatu kwenye kichwa inamzuia mtu yeyote kusema baadaye kwamba kulikuwa na mabadiliko mengine "ya mdomo" kati ya la pili na la tatu. Jumla mpya ya mkataba inamkinga mama asishtuke mwishoni, kwa sababu anauona mlima ukikua hatua kwa hatua. Tarehe ya zamani na tarehe mpya zimeandikwa zote mbili. Ukiandika "siku 11 zaidi" tu, mmoja atahesabu siku za kazi na mwingine ataingiza Jumapili. Na ule mstari wa fidia ndio uliokosekana nyuma ya risiti ya saruji: bila huo, siku 11 kwa shilingi 50,000 ni shilingi 550,000 ambazo mkandarasi angeweza kukatwa kwa kazi aliyoombwa. Kama mkandarasi anatoza kodi ya ongezeko la thamani, aseme pia kama imo ndani ya bei au la. Kodi hiyo si kitu cha kugundua siku ya malipo.

Jibu, na mahali mambo yanapoharibika

Barua iliyotumwa bila kujibiwa bado haijawa makubaliano. Ukimya wa mteja ni ukimya tu. Huenda hajafungua barua, huenda anamsubiri mwanawe amsomee mchoro. Mkandarasi anayechimba kwa sababu "hakukataa" amerudi kulekule kwenye baraza na risiti. Apige simu: "Mama, ile barua ya tangi umeiona? Nakuomba unijibu humohumo." Sentensi ya kukubali imeandikwa tayari ili mama akijibu aitaje bei na tarehe pamoja. Alama ya kidole gumba haisemi amekubali kipi kati ya hivyo viwili.

Pili, anayekubali awe ndiye mwenye mamlaka ya kukubali. Shemeji akipita saiti akasema, "Hilo tangi liongezeni mita moja, mimi nitazungumza naye," mafundi wanaona aibu kumkatalia mtu mzima. Hapo heshima na utaratibu vinaweza kukaa pamoja: "Sawa shemeji, nitaandika leo jioni, mama akijibu tutaongeza." Afadhali jina la anayeruhusiwa kukubali mabadiliko liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Kama ni watu wawili, mume na mke, waandikwe wote, na nakala iende kwa wote.

Tatu, kuna siku ambazo barua haiwezi kutangulia kazi. Bomba limepasuka, shimo linaporomoka, mvua inakuja usiku. Fundi afanye linalohitajika, lakini jioni hiyohiyo aandike mistari minne: nani ameagiza, saa ngapi, kazi gani imeanza, na kwamba bei na siku zitafuata. Kisha aweke daftari la kila siku la mafundi waliokuwepo, saa zao na vifaa vilivyotumika, na anayesimamia kwa niaba ya mwenye nyumba atie saini kila siku. Bei itakayotoka kwenye daftari lile itakuwa na miguu ya kusimamia.

Mwenye nyumba naye asiione barua hii kama mtego. Ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kuuliza kwa bei nafuu. Aulize: kipi kimepunguzwa kwenye mkataba kwa sababu ya nyongeza hii? Ni kazi ipi hasa inayozuiwa, kiasi kwamba tarehe inahama? Kuna sehemu inayoweza kuendelea wakati tunasubiri? Majibu yakiwa ya wazi, akubali kwa moyo mkunjufu. Yakiwa ya kuzungukazunguka, akatae au aombe hesabu mpya, na kabla ya kuchimba kukataa hakumgharimu mtu yeyote. Mama wa Morogoro anaweza kuisoma siku 11 akakumbuka kwamba mpangaji wake anatakiwa kuingia tarehe 20 Agosti, akaamua tangi lisubiri mwakani. Huo pia ni uamuzi mzuri, kwa sababu umefanywa na mtu aliyeiona gharama yote, ya fedha na ya siku.

Ile risiti ya saruji niliiona tena mara moja tu, ndani ya faili la mkandarasi, miaka michache baadaye. Bei ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nzito na kupigiwa mstari mara mbili. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ya kutosha mistari miwili. Maneno "nyumba itakabidhiwa siku 19 baada ya tarehe ya mkataba" yangeenea hapo bila kubanana.